Gazeti, chupa na bei iliyotajwa mapema: kisa cha video ya kozi ya ushonaji Moshi

Video ya kwanza ilikuwa ya dakika kumi na moja, na fundi alikuwa ameshaiweka YouTube kabla hatujafahamiana. Niliitazama nikiwa kwenye Coaster kutoka Arusha kwenda Moshi, na hatujafika Boma Ng'ombe nikawa nimeshajua tatizo lilipo. Kwa dakika kumi na moja mama mwenye mkono mzuri wa kazi anazungumzia kozi yake bila kushika mkasi hata mara moja.

Ana kibanda cha ushonaji karibu na Soko la Mbuyuni, cherehani tatu na ovaloki moja. Amefundisha wasichana wengi hapo kibandani, na mwaka ule aliamua kurekodi masomo kumi na manne kwa simu: sketi, blauzi, na mwisho gauni lenye bitana. Kozi alikuwa anaiuza shilingi 45,000. Mnunuzi analipa kwa simu, anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp na kupewa linki za masomo. Miezi mitatu ya kwanza walinunua watu thelathini na mmoja. Tisa kati yao walitaka hela yao irudi.

Aliniita kwa sababu aliamini video haina mvuto. "Kaka, weka muziki, weka maandishi yanayorukaruka, wenzetu wanafanya hivyo," alisema. Mimi nahariri video za watu, muziki na maandishi ndiyo mkate wangu, kwa hiyo ningeweza kukubali tu nikachukua hela. Lakini watu tisa kati ya thelathini na mmoja si tatizo la mvuto. Watu walivutwa wakaja, kisha wakakuta kitu tofauti na walichoahidiwa. Nikamwomba anionyeshe ujumbe wa wale tisa.

Hilo hakulipenda. Aliona kama namwambia afungue kidonda. Tulikaa kwenye benchi nje ya kibanda, akawa ananisomea mmoja mmoja, nami naandika nyuma ya karatasi ya risiti.

Wawili hawakuwahi kushika futi ya kupimia. Hawakujua vijistari vidogo kati ya inchi na inchi vina maana gani, na somo la kwanza lilianza moja kwa moja na vipimo vya mwili. Watatu walikuwa na cherehani ya mkono tu, hawana ovaloki wala pa kuazima, na kuanzia somo la tano fundi humalizia kingo zote kwa ovaloki bila kusema asiye nayo afanyeje. Wawili walidhani mwalimu atakuwa hewani, kwamba watamwuliza na kujibiwa papo hapo. Mmoja bando lilimwishia kwenye somo la tatu. Wa mwisho alikuwa mama wa Himo aliyekata sketi ya nusu duara kwa kufuata somo, akaishona, ikampwaya kiunoni kiasi cha kuingiza ngumi.

Katika wote tisa hakuna aliyesema fundi hajui kazi au mafunzo ni mabaya. Wanane walinunua kitu kisichowafaa kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Huyo wa Himo ni kesi nyingine, na ndiye aliyetupa somo la bure, nitafika huko.

Tukarudi kwenye video ya zamani tukaipitia sentensi kwa sentensi. Mambo matatu ndani yake hayakuwa kweli. La kwanza, "nafasi zimebaki kumi tu." Masomo yaliyorekodiwa hayaishi, akinunua mmoja au elfu moja video ni ileile. La pili, bei ya 90,000 iliyokatwa mstari mwekundu na pembeni yake 45,000. Nilimwuliza ni lini aliuza kwa 90,000, akacheka. Hakuwahi. La tatu, "ukimaliza kozi utaingiza laki tatu kwa mwezi." Laki tatu ilikuwa kweli kwa mwanafunzi mmoja, ambaye alikuja akiwa tayari fundi wa mashati mwenye wateja wake Pasua, akaongeza nguo za kike. Kozi haikumpa wateja wale.

Fundi hakuona kwamba anadanganya. Aliona ndivyo matangazo yalivyo, kama muuza mitumba wa Kiboriloni anavyosema nguo imeshuka leo asubuhi. Tofauti ni kwamba nguo ya mtumba unaishika, unaivuta mishono, unainusa. Kozi huwezi kuinusa kabla hujalipa, na mnunuzi anabaki na maneno ya muuzaji peke yake. Nilimkumbusha pia kwamba nchi ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Sheria haikumgusa sana. Kilichomgusa ni hesabu ya hela alizorudisha: mara tisa 45,000, laki nne na elfu tano, na usiku aliopoteza akibishana kwenye simu.

Katika yale matatu, moja lilikuwa na mbegu ya ukweli. Kozi haiishi, ila muda wa fundi unaisha. Wanafunzi humtumia picha za kazi zao, naye hujibu kwa sauti akieleza kosa liko wapi, na kwa mwezi anaweza kusahihisha kazi za watu ishirini, zaidi ya hapo anashindwa kushona. Hilo ndilo tuliloamua kusema. Masomo unapata wakati wowote. Kusahihishiwa kuna foleni, na mwezi ukijaa anayekuja sasa atasubiri mwezi ujao.

Maneno ya video mpya, kwa kiasi kikubwa, yalitoka nyuma ya ile risiti. Kila aliyedai hela alikuwa ametuandikia sentensi moja bila kujua. "Kama hujawahi kusoma futi, anza na somo la bure hapa ndani, likikushinda, usinunue bado." "Kuanzia somo la tano natumia ovaloki. Ukiwa na cherehani ya mkono tu, masomo manne ya kwanza utayafanya yote, yaliyobaki utayafanya nusunusu." "Siko hewani. Nimerekodi. Maswali najibu jioni, siyo papo hapo." Kuhusu bando tulijumlisha ukubwa wa mafaili yote kumi na manne, tukapata karibu gigabaiti mbili, naye akalisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba ukipakua mara moja huhitaji kutazama tena kwa bando. Sehemu yote hii inachukua dakika moja na kidogo. Nilipomwambia tuiite "Nani asinunue" alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye msomi." Sikuwa na hakika kama ni sifa.

Sasa somo la bure. Hapa ndipo tulipokaa siku mbili.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuonyesha gauni likikatwa hadi kukaribia mwisho, kisha kusema, "yaliyobaki yamo kwenye kozi." Wengi hufanya hivyo. Mtu anatumia dakika zake tano na kuondoka na gauni lisilo na mikono. Hajajifunza kitu anachoweza kukifanya leo, na amejifunza jambo moja kuhusu mwalimu: kwamba humkatia mtu njiani. Kipande cha bure kinatakiwa kiwe kidogo kiasi cha kumalizika, na kikimalizika kiwe na manufaa hata kwa asiyenunua kamwe.

Wazo la pili lilikuwa kuchukua somo la kwanza la kozi, la vipimo vya mwili, na kulipachika jinsi lilivyo. Ni la kweli, lakini ni la dakika ishirini na mbili, na mwisho wake una orodha ya namba tu mkononi. Mtazamaji hawezi kujua kama amepata au amekosa.

Hapo ndipo mama wa Himo alipotusaidia. Kwa nini sketi yake ilipwaya? Fundi alimwomba atume hesabu zake. Kiuno chake kilikuwa inchi 28, na kila kitu alikifanya vizuri isipokuwa mahali pamoja.

Sketi ya nusu duara inakatwa hivi. Mduara wa kiuno unakuwa nusu ya duara, kwa hiyo ukigawa kipimo cha kiuno kwa 3.14 unapata umbali wa kupima kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichopindwa hadi kwenye mstari wa kiuno, yaani nusu kipenyo. Kwa kiuno cha 28, unaongeza kwanza inchi moja ya mshono wa nyuma, nusu kila upande, inakuwa 29. Gawa kwa 3.14, unapata tisa na robo. Huo ndio mstari wa kushona. Mstari wa mkasi uko nusu inchi ndani yake, upande wa kona, kwenye nane na robo tatu, kwa sababu ile nusu inchi italiwa na mshono wa mkanda.

Mama wa Himo aliongeza nusu inchi kwa nje. Ni kosa la mtu mwangalifu, kwa kuwa kila mahali pengine kwenye nguo nafasi ya mshono unaiongeza kwa nje ya mstari. Kiunoni mwa sketi ya duara ni kinyume: ukisogea nje, tundu linakuwa kubwa. Alikata kwenye tisa na robo tatu, akashona nusu inchi zaidi ya hapo, kwenye kumi na robo. Alipotea inchi moja tu. Lakini inchi moja kwenye nusu kipenyo ni inchi tatu na ushei kwenye kiuno, kwa sababu ileile 3.14 iliyogawa ndiyo inayozidisha wakati wa kurudi. Ngumi yake ilipita hapo.

Na kosa halikuwa lake peke yake. Kwenye video ya kozi fundi alisema "acha nusu inchi ya mshono" bila kusema upande gani, kwa kuwa mkono wake unajua. Somo lile tulilirekodi upya siku hiyohiyo, kabla hatujagusa tangazo. Kuonyesha kwa bure kitu ambacho ndani ya kozi bado kina kasoro kungekuwa uongo wa namna nyingine.

Basi somo la bure likawa hilo: hesabu ya kiuno cha sketi ya nusu duara, na kwa nini inchi moja inazaa tatu. Ila nani atakata kitenge chake kwa ajili ya video ya bure? Mtazamaji yuko kitandani, au dukani kwa mtu, ana simu mkononi. Fundi ndiye aliyepata jibu. Alichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokuwa mezani, akaizungushia futi upande wa sentimita, ikaja 28. Akageuza futi upande wa inchi akanionyesha 28, kiuno cha mama wa Himo. Hesabu ni ileile, upande wa futi ndio unaobadilika. Gazeti likawa kitambaa, chupa ikawa mteja.

Kwenye gazeti hakuna mshono, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Ishirini na nane gawa kwa 3.14, unapata 8.9. Unachukua karatasi pana ya gazeti, unaipinda katikati, unaweka sifuri ya futi kwenye kona, unaizungusha kama mshale wa saa huku ukitia vidoti kwenye 8.9. Kisha unatia vidoti vingine kwenye 20.9, urefu wa sketi ya chupa ukiwa sentimita kumi na mbili. Unakata, unafungua, unaivalisha chupa. Kingo mbili za karatasi zikikutana bila kupandana wala kuachana, umepata. Zikipandana, ulipima kubwa. Zikiachana, ulipima ndogo. Baada ya hapo fundi anakata gazeti la pili akikosea makusudi kwa sentimita moja, na karatasi inapandana sentimita tatu mbele ya kamera. Hahitaji kueleza mengi.

Sababu ya kulipenda somo hili ni kwamba linajisahihisha. Mtazamaji hahitaji mwalimu kumwambia kama ameweza, chupa inamwambia. Na linapima watu bila kuwafukuza: asiyeweza kusoma 8.9 kwenye futi analigundua hapo, bure, kwenye gazeti la jana, badala ya kuligundua baada ya 45,000.

Kuna jambo dogo la hesabu fundi alitaka kuliacha, nikamwomba alibakize. Yeye mwenyewe alifundishwa na shangazi yake kugawa kwa tatu, siyo 3.14, na mafundi wengi bado wanagawa hivyo kwa kuwa kichwani ni rahisi. Kwa kiuno cha 28, tatu inakupa tisa na theluthi badala ya 8.9. Tofauti haionekani kwa macho, lakini kiunoni inarudi kama inchi moja na robo hivi. Alisema kwenye video, "Mimi nimeshona hivyo miaka, nikawa naibana kwenye mkanda." Sentensi hiyo ilimpa sura kuliko muziki wowote ambao ningeuweka.

Kabla ya kuliweka ndani ya tangazo tulilijaribu. Nilimpa simu dada anayeuza parachichi kibanda cha pili, na mpwa wangu wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuona sindano karibu. Kila mmoja na gazeti lake, mkasi na chupa, sisi tukakaa kimya. Wote wawili walishindwa, na kwa namna moja. Walipofungua karatasi walikuta vipande viwili vilivyotengana.

Fundi alisema kwenye video "pinda, weka futi kwenye kona." Karatasi iliyopindwa ina kona mbili upande ule, moja ya mpindo na moja ya wazi. Ukipimia kwenye kona ya mpindo unapata nusu duara moja, ukipimia kwenye kona ya wazi unapata robo mbili. Fundi hakuwahi kukosea hapo tangu akiwa msichana, kwa hiyo hakuona kama ni hatua. Tulirekodi upya, safari hii akichora kwanza mstari mwekundu mzito juu ya mpindo wote na kusema, "Kona yako iko kwenye nyekundu." Dada wa parachichi alipata mara moja. Mpwa wangu alipata mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa anajibu ujumbe.

Simu tuliifunga juu ya meza kwenye ubao uliopita kati ya rafu mbili, ikitazama chini, ili mikono ya fundi ionekane kwa upande uleule mtazamaji anaouona wa kwake. Ilikuwa Julai, Moshi ina mawingu siku nzima, na mwanga wa mlangoni ulitutosha bila taa. Sauti ndiyo ilitusumbua, mbele ya kibanda kulikuwa na spika ya kutangaza dawa ya mende. Tulirekodi asubuhi saa moja, kabla mende hawajaanza.

Halafu likaja swali la mahali pa kuliweka. Fundi alitaka somo liwe mwisho, "wakae mpaka mwisho ndiyo wapate." Mimi mwanzoni nilitaka liwe sekunde ya kwanza kabisa. Tulijaribu njia yangu kwanza, tukaweka video kwa siku nne. Grafu ya YouTube inayoonyesha watazamaji wanabaki hadi dakika ipi ilikuwa nzuri muda wote wa somo, kisha ikaanguka kama jiwe sekunde ambayo fundi alisema neno kozi. Kwenye maoni mtu aliandika, "Kumbe tangazo." Alikuwa na haki. Tulimpa somo kana kwamba ni zawadi tupu, kisha tukatoa mfukoni bei.

Tukaitoa, tukaipanga upya. Sasa fundi anaanza na sketi mkononi, anasema hii ni video ya kuuza kozi, ndani yake kuna somo moja kamili la bure, na anayetaka somo peke yake aruke hadi dakika ya tatu. Kisha bei, kilichomo, nani asinunue, halafu somo. "Kaka, umewaonyesha mlango wa kutokea," alisema. Ndiyo, na pia mlango wa kuingilia. Kwenye maelezo chini ya video tuliandika:

```
0:00 Hii ni video ya kuuza kozi
0:40 Bei na kilichomo
1:55 Nani asinunue
3:05 SOMO LA BURE: kiuno cha nusu duara
7:30 Somo hili halikufundishi nini
8:40 Kulipa na kurudishiwa
```

YouTube huzigeuza dakika hizo kuwa sura kwenye mstari wa video, ilimradi ya kwanza iwe 0:00, ziwe angalau tatu, na kila moja iwe na sekunde kumi au zaidi.

Sehemu ya 7:30 ni ya dakika moja na sekunde kumi, na mimi naiona ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika. Kuna kishawishi cha kurudi kwenye chambo kupitia mlango wa nyuma: "sasa unajua kiuno, lakini bila zipu sketi yako si kitu." Tuliandika kwa namna nyingine. Fundi anasema umepata hesabu, na ukiwa unajua tayari kuweka zipu na mkanda unaweza kwenda kukata sketi leo. Anatoa hata vipimo vyake: kwa kiuno cha 28 na urefu wa inchi 24, pamoja na inchi moja ya upindo, kitenge cha yadi mbili kinatosha. Anaonya mambo mawili ambayo gazeti haliwezi kuonyesha. Kitambaa kilichokatwa kwa duara kina sehemu zinazolala mshazari na huvutika, kwa hiyo kiuno kipigwe mstari mmoja wa cherehani mara tu baada ya kukata, kisije kikatanuka mikononi. Na sketi itundikwe usiku mzima kabla ya kukunja upindo, maana sehemu za mshazari zitashuka kuliko nyingine na upindo utapanda na kushuka kama Barabara ya Marangu. Baada ya hapo ndipo anataja yaliyomo kwenye kozi: zipu, mkanda, bitana, na hasa blauzi, ambayo hesabu hii haiigusi kabisa.

Nilihofia kwamba kwa kuwapa yote hayo tumejikata mkono. Fundi alihofia zaidi. Wiki mbili za mwanzo watu wengi waliondoka kwenye bei, mteremko unaonekana wazi kwenye 0:40, kisha mstari ukatulia karibu hadi mwisho wa somo. Kulikuwa na kichuguu kimoja kwenye 4:20. Kichuguu kwenye grafu hiyo ni mahali watu wanaporudisha nyuma kutazama tena, na 4:20 ndipo futi inapogeuzwa kutoka sentimita kwenda inchi. Bado hatujalitatua vizuri, kwa sasa kuna maoni yaliyobandikwa juu yenye maelezo ya ziada.

Katika wiki kumi walinunua watu ishirini na wanne. Ni wachache kuliko miezi mitatu ya mwanzo, ingawa si kwa mbali. Aliyetaka hela yake ni mmoja, simu yake iliibiwa, na fundi alimrudishia bila mabishano. Siwezi kuapa kwamba video ndiyo iliyofanya yote. Katikati yake kulikuwa na shule kufunguliwa, na sare huwa zinamletea watu. Ninachoweza kusema ni kwamba maswali yanayoingia WhatsApp yamebadilika. Zamani waliuliza, "Ni kweli nitapata laki tatu?" Sasa wanatuma picha ya chupa.

Na wapo wasionunua. Dada mmoja wa Babati alituma picha ya sketi tatu za kitenge alizozikata kwa hesabu ya gazeti, akasema ameuza mbili, akashukuru, akaishia hapo. Fundi alinionyesha akiwa amekunja uso. "Huyu amekula bure." Nikamwuliza kama sketi zimekaa vizuri. Akaikuza picha kwa vidole, akatazama upindo muda, akasema, "Zimekaa. Hakuzitundika lakini."

Limebaki jambo moja ambalo hatukulifikiria. Mwezi wa kumi fundi alipandisha bei hadi 50,000 kwa sababu ya nyuzi na bando la kusahihisha. Video ikishapanda YouTube huwezi kuibadilisha kwa nyingine palepale. Unaweza kukata kipande, lakini huwezi kuingiza kipya. Kwa hiyo video ilikuwa inasema 45,000 kwa sauti yake mwenyewe, na maelezo yanasema 50,000. Watu watatu walimtumia 45,000 na picha ya skrini. Aliwapokea wote watatu kwa bei ile, akanipigia usiku akilalamika, na Jumamosi iliyofuata nilipanda tena Coaster kwenda kurekodi upya ile dakika ya bei. Safari hii anashika kibao chenye mwezi na mwaka, anasema bei hii ni ya leo, na kama chini ya video pameandikwa nyingine, fuata ya chini. Kibao kiliandikwa kwa chaki ya kukatia. Nyuma yake bado kuna hesabu za kiuno cha mtu.